Nichague ipi kuhifadhi nywila: SHA-256 yenye chumvi, bcrypt au Argon2id?

Mwanafunzi_wa_Kodi
Wakuu habari za leo. Nimekabidhiwa mfumo wa wanachama wa sakosi, nywila zote zimo kama MD5 tupu. Jumatatu natakiwa kuwaambia viongozi tunahamia wapi. Mnashauri ipi kati ya hizo tatu?

Bi_Seva
Ndugu, hujasema lugha, hosti wala idadi ya wanachama. Tuambie kwanza.

Kaka_Mkuu254
SHA-256 na chumvi, umemaliza. MD5 ilishavunjwa siku nyingi, SHA-256 haijavunjwa. Chumvi, yaani herufi za nasibu anazoongezewa kila mtu kwenye nywila kabla ya kupiga heshi, inahakikisha watu wawili wenye nywila moja hawapati heshi moja.

Bi_Seva
Kuhusu chumvi umesema kweli. Kwenye databesi ya MD5 tupu ukikutana na `e10adc3949ba59abbe56e057f20f883e`, huhitaji hata kompyuta: itafute mtandaoni, utaambiwa ni 123456. Na kila aliyetumia 123456 ana mstari huohuo. LinkedIn yaliwakuta hayo 2012, walikuwa na SHA-1 bila chumvi.

Lakini mwizi wa databesi havunji SHA-256. Anakisia tu: anachukua neno, anaongeza chumvi aliyoikuta humohumo kwenye databesi, anapiga heshi, analinganisha. Chumvi si siri. Inamlazimisha aanze upya kwa kila mwanachama, basi. SHA-256 iliundwa iwe na kasi, na kasi hiyo ndiyo anayoitaka.

Kaka_Mkuu254
Kasi kiasi gani? Tupe mfano.

Bi_Seva
Kadi moja ya michoro ya michezo ya kompyuta, RTX 4090, hupiga MD5 takriban bilioni 160 kwa sekunde. Nywila za herufi nane ndogo ni kama bilioni 209 zote kwa jumla, kwa hiyo inazimaliza kwa sekunde moja na ushee. SHA-256 ni nzito zaidi, ila bado ni sekunde chache. Kadi hiyohiyo kwenye bcrypt ya gharama 12 hupiga kama 1,400 kwa sekunde. Kuzimaliza zote ni zaidi ya miaka minne, tena kwa mwanachama mmoja. Ila aliyeweka 123456 ataanguka hata hapo, kwa kuwa hilo ndilo kisio la kwanza.

mama_biashara
Samahani jamani, mimi nimesahau nywila ya ruta ya dukani, nitaipataje?

Bi_Seva
Dada, fungua uzi wako, utasaidiwa.

Mwanafunzi_wa_Kodi
Ni PHP 8.1, hosti ya kuchangia. Wanachama kama 900, wengi hawajaingia mwaka mzima.

Juma_Databesi
Basi bcrypt, na angalia kolamu! Kampuni moja niliyoitwa kusaidia, fundi wao alihamia bcrypt usiku. Kolamu ilikuwa `VARCHAR(32)` ya enzi za MD5, na heshi ya bcrypt ina herufi 60. MySQL yao haikuwa kwenye hali kali, ikazikata kimyakimya bila kosa lolote. Asubuhi simu zikaanza: hakuna anayeweza kuingia, hata mkurugenzi. Na heshi iliyokatwa haina dawa. Nakala ya akiba ilikuwa ya wiki mbili nyuma, wakaishia kumtumia kila mteja kiungo cha kuweka nywila mpya, na wateja wakadhani ni matapeli. Weka `VARCHAR(255)` kabla hujagusa kitu.

Argon_Daima
Mnamrudisha 1999 ilipotoka bcrypt! Argon2id ni ya familia ya Argon2, iliyoshinda mashindano ya heshi za nywila yaliyokwisha 2015, inadai na kumbukumbu, kadi za michezo zinahangaika nayo. Bcrypt haisomi chochote baada ya baiti 72.

Bi_Seva
Kwenye seva yako mwenyewe nakuunga mkono. Lakini kwa chaguo-msingi la PHP, kila anayeingia anakula MB 64. Siku ya gawio wakiingia 20 kwa mpigo ni karibu GB 1.3, hosti ya kuchangia itawazima.

Argon_Daima
Si apunguze? OWASP, wale wa usalama wa programu za wavuti, wanakubali MB 19.

Bi_Seva
Sawa, kama PHP ya hosti yake imejengwa nayo. Si zote.

Mwanafunzi_wa_Kodi
Na wale wasioingia? MD5 zao siwezi kuzigeuza kuwa nywila.

Juma_Databesi
Usiwasubiri. Funika MD5 iliyopo kwa bcrypt leo, kwa wote 900:

```php
$mpya = password_hash($md5_ya_zamani, PASSWORD_BCRYPT, ['cost' => 12]);
```

Weka alama kwenye mstari wa kila mmoja. Mtu akiingia, mfumo upige `md5()` ya alichoandika kisha `password_verify()`. Ikikubali, tengeneza bcrypt ya nywila yenyewe na ufute alama. Na nakala za zamani zenye MD5 uzifute, la sivyo umefunga mlango dirisha likiwa wazi.

Kaka_Mkuu254
Na muwalazimishe kubadili nywila kila mwezi.

Argon_Daima
Hapana! NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, walishashauri dhidi ya hilo tangu 2017. Watu huongeza namba moja mwishoni.

Kaka_Mkuu254
Ofisini kwetu mkaguzi anadai kila siku 90, nimjibu nini?

Mwanafunzi_wa_Kodi
Nimewaandikia hosti kuuliza kama Argon2id ipo. Kolamu nimeshaipanua.