Familia ya Babu Athumani: wifi ya mgahawani Istanbul

Zuhura: [Picha] Jamani, ukurasa wa wifi ndio huu, Kituruki kitupu. Nimebakiza MB 40, na ripoti ya bibi bado sijaituma.

Shangazi Mwanaidi: Haya, mmeona? Salum uko wapi? Hamisi? Watu 17 humu, wote bubu!

Mjomba Hamisi: Zuhura, tia tiki kote ubonyeze kitufe. Usipokubali yote haifunguki.

Rehema: Kama ulivyokubali masharti ya mkopo wa bodaboda? 😂

Mjomba Hamisi: Hayo yaliisha.

Rehema: Kwako. Mdhamini bado analipa.

Shangazi Mwanaidi: Si leo! Salum!

Salum: Nilikuwa kazini. Zuhura, hapo juu kuna njia mbili. "T.C. Kimlik No" iache, ni namba ya kitambulisho chao, tarakimu 11, mgeni hana. Ukiandika ya kubuni inakataliwa. Gusa "Cep Telefonu", uchague +255, kisha namba yako bila ile sifuri ya mwanzo. Watu wengi hukwama kwenye hiyo sifuri.

Salum: Visanduku: "Kullanım koşullarını kabul ediyorum" ni masharti ya matumizi, hicho lazima. "Aydınlatma metnini okudum" unasema tu umesoma watakavyotumia taarifa zako, tia. Cha tatu, "Ticari elektronik ileti", ni ruhusa ya kukutumia matangazo. Kiache wazi. Mjomba, hicho hakizuii kitu.

Mjomba Hamisi: Cha kwanza si nilisema?

Mama Shufaa: Mimi wifi yangu inaandika imeunganishwa lakini haifungui. Ni Kituruki pia?

Zuhura: Namba ya kuthibitisha haiji kwa SMS. Nimengoja.

Salum: Laini imeshika mtandao wa huko? SMS huingia hata data ya nje ikiwa imezimwa, ila laini isiposhika mtandao haiji. Ikija, iandike kwenye "Doğrulama kodu".

Zuhura: Imeshika. Lakini kuna "Pasaport No" pia. Niweke ya bibi? Yangu iko hotelini.

Babu Athumani: Namba ya pasi ya mke wangu haiandikwi mgahawani.

Shangazi Mwanaidi: Umesikia, Zuhura.

Salum: Sawa babu. Sheria yao namba 5651 ya 2007 inawataka watunze kumbukumbu za anayetumia, ndiyo maana wanauliza. Ila anayetumia ni Zuhura, si bibi. Mwombe mhudumu, wengine wana namba ya siri ya wifi kwa wageni. Na ukurasa ukidai "Kart Numarası", funga, hiyo ni namba ya kadi ya benki.

Rehema: Kahawa yenyewe shilingi ngapi huko?

Shangazi Mwanaidi: Rehema! Hamisi, mnunulie kifurushi cha nje kabla MB hazijaisha.

Mjomba Hamisi: Mchango wa tiketi nilitoa peke yangu.

Shangazi Mwanaidi: Nusu. Zuhura, mhudumu kasemaje?

Zuhura: Ameenda kuuliza. MB 31.