Sanamaki, shubiri, mbarika au isabgoli: ipi inamfaa mtu anayekunywa kila usiku?

DadaWaKasarani

Hamjambo nyote. Mama yangu ana umri wa miaka 61, ana presha, na tunaishi naye hapa Kasarani. Miezi 14 iliyopita alianza kunywa chai ya mitishamba ya kulainisha choo, ambayo pakiti yake imeandikwa kwa herufi ndogo sana kwamba ina majani ya sanamaki. Alianza na kifuko kimoja kabla ya kulala, akafika viwili, na sasa hutia vitatu katika kikombe kimoja na kukifunika kwa kisahani hadi chai iwe nyeusi kama kahawa. Akikosa kunywa usiku mmoja tu, hukaa siku tatu bila kupata choo, kisha huingiwa na hofu na kuvirudia vifuko vyake.

Kila mtu ana ushauri wake: mjomba anasema shubiri, jirani anasema mafuta ya mbarika, na muuza dawa mmoja alinitajia isabgoli. Naomba wenye ujuzi wanilinganishie, ni ipi inayoweza kutumika kila siku bila madhara? Siku hizi analalamika pia kwamba misuli ya miguu inamkaza usiku, na zile ngazi za kufika kwetu orofa ya nne, ambazo alikuwa akizipanda huku akizungumza, sasa hazimalizi bila kupumzika mara mbili. Hilo nadhani ni umri.

MzeeWaNgong

Binti yangu, mjomba wako hakukosea. Shubiri Wakikuyu huiita thukuroi, nasi tumeitumia tangu utotoni kwa watu na kwa kuku. Hizo chai za pakiti hatujui zimechanganywa na nini, ilhali jani la shubiri unalikata mwenyewe. Lisimamishe kwenye bakuli mpaka ule utomvu wa manjano uchuruzike, kisha umpe kidogo sana ndani ya maji. Sanamaki humzoesha mtu, lakini shubiri haizoeshi, kwa sababu ni mmea mbichi.

MfamasiaNgara

Shikamoo Mzee. Kwa jambo moja umesema kweli: nguvu ya kuharisha imo katika ule utomvu wa manjano ulio chini ya ganda, wala haimo katika ute mweupe wa ndani ambao watu hupaka kwenye ngozi iliyoungua. Lakini hapo ndipo tunapoachana, kwa kuwa utomvu huo na majani ya sanamaki ni ndugu wa damu. Viini vyao ni vya jamii moja na kazi yao ni moja. Kumtoa mama kwenye sanamaki na kumweka kwenye shubiri ni kumtoa chumba kimoja na kumhamishia cha pili katika nyumba ileile, tena chumba chenye ukali zaidi, kwa maana shubiri husokota tumbo kuliko sanamaki na hakuna anayeweza kupima kilichochuruzika bakulini. Marekani iliiondoa shubiri katika orodha ya dawa za choo zinazouzwa bila cheti mwaka 2002, kwa sababu watengenezaji hawakuleta ushahidi wa kutosha kwamba ni salama.

Dada, niruhusu nieleze inavyofanya kazi, maana jibu la swali lako limo humo. Sanamaki hupita tumboni na katika utumbo mwembamba bila kufanya lolote. Ikifika katika utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo huivunja, na kile kinachotoka ndicho huuchokoza utumbo ujikaze na kuuzuia usifyonze maji. Safari hiyo huchukua saa 6 hadi 12, na ndiyo sababu mtu hunywa usiku akapata choo asubuhi.

Sasa tazama hizo siku tatu zinazomtia mama hofu. Utumbo mpana wa kawaida hautoi kila kilichomo. Hutoa sehemu ya mwisho na kubakiza ya kesho. Dozi kubwa ya sanamaki huufagia wote, na baada ya hapo huhitaji siku mbili au tatu ujae tena. Katika siku hizo mama hapati choo kwa sababu hana cha kutoa. Hajafunga choo hata kidogo, lakini anadhani amefunga, anakunywa tena, na utumbo unafagiliwa tena kabla haujajaa. Watu wengi wanaoamini kwamba hawawezi kuishi bila dawa hii wamenaswa katika mzunguko huu.

Lakini kilichonishtua katika maelezo yako ni ngazi. Tafadhali niambie, je, anatumia tembe gani za presha?

KijanaWaRongai

Samahani, kati ya hizo nne ni ipi inayopunguza kitambi haraka? Mimi nilitumia chai kama hiyo wiki mbili nikapungua kilo 3, ingawa zilirudi.

MfamasiaNgara

Ndugu, zilirudi kwa sababu zilikuwa maji. Chakula hufyonzwa katika utumbo mwembamba, na sanamaki inaanza kazi baada ya hapo, wakati nguvu ya ugali wako imekwisha kuingia mwilini.

DadaWaKasarani

Nimeitazama karatasi yake ya kliniki. Anatumia amlodipini na haidroklorothiazidi, ile inayomfanya aende haja ndogo mara kwa mara.

MfamasiaNgara

Hicho ndicho nilichokiogopa. Choo cha majimaji cha kila siku hutoka na potasiamu, na ile tembe ya pili inaitoa potasiamu kupitia mkojo, kwa hiyo mama anavuja kwa milango miwili. Misuli ikikosa potasiamu hulegea na kukaza ovyo, na moyo nao ni msuli. Ikishuka sana, mapigo huharibika. Tena utumbo wenyewe una misuli, na potasiamu ikipungua huzidi kuwa mzito, mtu akafunga choo kwelikweli, akaongeza kifuko cha tatu. Mimi singelisukuma jambo hili kwenye umri kabla ya kupima damu. Usingoje Jumatatu. Mpeleke leo, na ubebe pakiti ya chai pamoja na tembe zake, kwa sababu wagonjwa wengi huacha kuitaja chai wanapoulizwa kuhusu dawa. Akizimia au moyo ukimwenda mbio, huo ni wakati wa kukimbilia chumba cha dharura.

MamaWaWatatu

Mimi nitasema kuhusu mbarika na isabgoli, kwa kuwa zote mbili zimenipitia. Mbarika nilipewa na shangazi nikiwa na mimba ya kwanza, ili eti mtoto atoke upesi. Niliharisha na kutapika usiku kucha huku uchungu ukija bila mpango, na mkunga alinigombeza hadi leo nakumbuka. Sitampa mtu yeyote.

Isabgoli niliinunua Parklands. Ni maganda mepesi ya mbegu, hayana ladha. Siku ya kwanza niliyamimina mdomoni yakiwa makavu nikayasukuma kwa funda mbili za chai, yakavimba kooni kama sifongo, nikasimama kwenye sinki nikikohoa huku mume wangu akinipiga mgongoni. Siku hizi nakoroga kijiko kimoja katika glasi nzima ya maji, nakunywa mara moja kabla haijawa uji, kisha naongeza glasi ya pili. Haileti kitu kesho yake. Kwangu ilichukua siku tatu, na tumbo lilijaa gesi wiki nzima ya kwanza.

MuuguziWaEastleigh

Naunga mkono habari ya potasiamu, lakini Mfamasia amelichukulia jambo moja kwa wepesi. Nimefanya kazi mahali ambapo wagonjwa huchunguzwa utumbo kwa kamera, na nimeona kwenye skrini utumbo wa mtumiaji wa sanamaki wa miaka mingi: ukuta wake ulikuwa wa kahawia iliyokoza, wenye madoa kama ngozi ya nyoka. Utumbo kama huo umekufa mishipa ya fahamu, na hauwezi tena kusukuma choo wenyewe. Mama huyu asitarajie kupona kabisa.

MfamasiaNgara

Rangi hiyo umeiona kweli, na hutokea baada ya miezi kadhaa ya matumizi. Lakini rangi yenyewe si ugonjwa: ni mabaki ya chembe zilizokufa kwenye ukuta wa utumbo, na mtu akiacha sanamaki hufifia ndani ya mwaka mmoja hivi. Kuhusu mishipa kufa, madai hayo yalitokana na wagonjwa wa zamani waliotumia dawa kali ambazo nyingine haziuzwi tena, na kwa dozi za kawaida za sanamaki ushahidi wake ni dhaifu. Huyu mama hatumii dozi ya kawaida, nakubali. Tembe za sanamaki zina kipimo, kwa kawaida miligramu 15 usiku kwa mtu mzima, na hutolewa kwa muda mfupi, si zaidi ya wiki moja au mbili bila daktari kujua. Kifuko cha chai hakina kipimo. Ukikiacha dakika 5 na ukikiacha dakika 20 ni vinywaji viwili tofauti.

MuuguziWaEastleigh

Nimewaona ambao hawakurudi hali yao hata baada ya miaka miwili. Kama ni mishipa au ni ugonjwa waliokuwa nao tangu mwanzo, hilo siwezi kuliapia. Ila mtu wa miaka 61 aliyebadilika choo ghafla anastahili kuulizwa pia kuhusu damu katika choo na kupungua uzito, kabla hatujamaliza maneno yetu yote kwenye chai.

DadaWaKasarani

Narudi baada ya wiki tatu. Siku ileile potasiamu ya mama ilikuwa 2.8, na daktari alisema inapaswa kuwa angalau 3.5. Alipimwa moyo kwa umeme, akapewa tembe za potasiamu, ile haidroklorothiazidi ikasimamishwa na dawa nyingine ya presha ikawekwa mahali pake. Damu katika choo hakuna, lakini amepangiwa uchunguzi wa kamera mwezi ujao. Baada ya siku kumi potasiamu ilikuwa 3.9, na juzi alipanda hadi orofa ya tatu kabla ya kusimama.

Chai hatukuikata kwa siku moja. Daktari alisema apunguze kifuko kimoja kila wiki huku akitumia isabgoli asubuhi pamoja na maji, naye akatuonya mapema kwamba siku tatu bila choo zingekuja na zisituogopeshe. Zilikuja. Siku ya nne alipata choo bila kuongeza kifuko, akaniita jikoni kunieleza kwa sauti ya chini kama mtu aliyepokea mshahara.

Mzee wa Ngong, mjomba bado ananiuliza kwa nini nilikataa shubiri yake, nami nimemsomea maneno yaliyoandikwa hapa, lakini hajakubali. Mama naye amebaki na kifuko kimoja cha usiku. Jana nilikuta pakiti mpya nyuma ya mkebe wa sukari, haijafunguliwa bado.

MzeeWaNgong

Mwambie mjomba anipigie simu mimi. Kuku nitaendelea kuwapa.