Mafuta yamepanda, mshahara uleule: nipaki gari au nifunge gesi?

Babake_Neema: Wakuu, tangu bei mpya ya Jumatano nachanganyikiwa. Gari ni moja tu nyumbani na mshahara haujaongezeka. Niwe napanda mwendokasi siku tatu kwa wiki au nifunge gesi? Nishaurini.

Fundi_Kibo: Gari gani? Unaenda km ngapi? Unatumia ngapi kwa mwezi? Hujasema chochote mkuu.

Mzee_Tabata: Funga gesi, basi. Mimi petroli nimeisahau.

Babake_Neema: Samahani. Ni IST, Mbezi hadi Posta, kwenda na kurudi kama km 50. Nimetenga laki 3. Bei ilikuwa 2,900, sasa 3,300.

Dada_Hesabu: Unaweka kwa lita au kwa hela?

Babake_Neema: Kwa hela, elfu 20 kila mara.

Dada_Hesabu: Hapo ndipo inapokuponyoka, maana elfu 20 ni ileile ila lita zimepungua na wewe huoni mpaka taa iwake tarehe 24. Jaza tenki mpaka bomba lijikate, andika kilomita, tembea kama kawaida halafu jaza tena sheli ileile. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita za risiti ya pili.

Asubuhi_Njema: Jaza alfajiri, mafuta yakiwa ya baridi unapata mengi zaidi.

Fundi_Kibo: Ni kweli petroli inatanuka kwa joto, ila tenki la sheli liko chini ya ardhi, joto lake halibadiliki sana kutwa. Angalia upepo wa matairi kwanza.

Mama_Wawili: Gesi fikirieni vizuri jamani. Sisi tulifunga kwa fundi mmoja, mtungi ukala buti yote, mabegi ya watoto yakawa miguuni. Mume wangu anatoka saa 4 usiku kupanga foleni ya kujaza, anarudi saa 7, asubuhi kazini. Halafu gari likaanza kuzimika kwenye mataa, fundi hapokei simu, tukarudi kwenye petroli na hela ya kufungia bado tunadaiwa.

Mzee_Tabata: Huyo fundi wako tu. Mimi mwaka wa pili huu.

Babake_Neema: Nimepima: km 412 kwa lita 37.5.

Dada_Hesabu: Basi ni km 11 kwa lita. Laki 3 zamani ilikupa lita 103, sasa 91. Umepoteza lita 12 na nusu, kama km 137, yaani safari zako za Posta hazifiki tatu. Kwa MWEZI, sio kwa wiki! Paki siku nne ili na nauli itoke humo humo. Na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi Ewura wakitoa bei, piga upya.

Babake_Neema: Aisee. Ila Jumamosi kuna kliniki ya mama Bunju, hiyo sikuihesabu.

Dada_Hesabu: Sasa hiyo ni km ngapi tena?

Kijana_wa_Vitz: Mzee Tabata, mtungi wako lita ngapi? Vitz itaubeba?