Tupeane uzoefu: mradi wenu wa maji mliuitaje, na jina likawafanyia nini?

Mleta mada, Bahi:
Wakuu habari. Mradi wetu wa kisima kirefu, pampu ya sola, tenki na vilula sita ulizinduliwa kwa jina la mfadhili. Bango kubwa, maandishi ya bluu. Mwaka wa pili pampu ikaungua. Kikao kikaitishwa, swali la kwanza likawa: "Mwenyewe kashapigiwa simu?" Mfuko ulikuwa mtupu, maana nani alipie ndoo ya msaada? Tukarudi kufukua mchanga korongoni. Sasa umefufuliwa, tunautafutia jina lingine.

Mama wa Chamwino:
Sisi tuliuita Malenga, yaani maji kwa Kigogo. Wazee walifurahi mno. Barua ikafika kwa mfadhili Dar, akajibu kwamba hafadhili vikundi vya ushairi.

Fundi visima:
Mimi nachimba visima, natafuta jina la kampuni. Nisaidieni na mimi.

Mtendaji mstaafu:
Jina liwe moja kila mahali: muhtasari, mkataba, akaunti ya benki. Basi.

Katibu wa zamani wa chombo cha maji, Kongwa:
Mzee, hapo kwenye akaunti sivyo. Tangu sheria ya maji ya 2019, chombo kimoja cha watumia maji kinaweza kuhudumia vijiji kadhaa, na akaunti ni ya chombo, si ya mradi. Sisi mfadhili alituma fedha kwa jina la mradi, benki ikazirudisha. Tangu hapo kila barua yetu inataja yote mawili: mradi ni huu, fedha zinapokelewa na chombo hiki.

Ila kilichotuumiza zaidi ni neno "kisima". Mradi ulikuwa na bomba la kufika vitongoji vinne, lakini muhtasari uliandika "Mradi wa Kisima", ukafuatiwa na jina la kitongoji kilipochimbwa. Siku ya kuchimba mtaro vitongoji vitatu havikutokea: kisima si chao. Diwani naye akaomba kingine kwa ajili yao, akaulizwa wilayani mbona bomba liko njiani. Tukarudi mkutano mkuu wa kijiji, ukawa "Skimu ya Maji ya Bomba", na jina la kijiji kizima. Mtaro ukachimbwa, ingawa kitongoji kimoja hadi leo kinasuasua.

Kijana wa Mpwapwa:
Msitaje ladha kabla ya majibu ya maabara. Sisi tuliandika "Maji Matamu", yakatoka ya chumvi. Watoto wanaimba hadi leo.

Mleta mada:
Basi nimepata: "Skimu ya Maji ya Bomba", jina la kijiji, chini yake "Mali ya Wanakijiji".

Mama wa Chamwino:
Hiyo ya chini ifikirie. Kwetu waliandika hivyohivyo ukutani kwenye tenki. Bibi mmoja akaja na dumu, akamuuliza mhudumu wa kilula: "Kama ni mali yangu, mbona unaniuzia?"

Mleta mada:
Mhudumu alimjibuje?

Mama wa Chamwino:
Alimjazia bure.