Eti nikapime macho! Yule wa ghorofa ya pili kanivuruga leo

Kipanga_Mbishi:
Wakuu, naandika mkono ukitetemeka. Yule jamaa wa Kariakoo, ghorofa ya pili, anayekula karanga mteja akiongea. Mnamjua, simtaji.

Nilichukua kwake monita ya kioo cha VA, inchi 27, Hz 165. Boksi limeandikwa 1 ms kwa maandishi makubwa kama bango la mkutano wa injili. Nikafika geto, nikawasha gemu. Uwanja wa mchana, safi kabisa. Nikaingia handakini: mtu wangu ana koti jeusi, ukuta wa kijivu kilichokolea. Akikimbia anaacha masizi nyuma yake kama fuso bovu linalopanda Kitonga.

Nikairudisha. Nikamwashia palepale, nikamwonyesha. Akatema ganda la karanga, akasema, "Mdogo wangu, kapime macho."

KAPIME MACHO! Mimi ninayemwona kunguni kwenye shuka la maua saa sita usiku! Mbele ya wateja watatu, na mmoja alicheka mpaka akashika ukuta.

Nyanya_Chungu:
Sasa umeshapima? 😂

Dogo_wa_Tandale:
Hiyo ni kebo, mkuu. Badilisha HDMI.

Kipanga_Mbishi:
Nimebadilisha tatu. Masizi yako palepale. Na alisema huku anatafuna!

Fundi_Koleo:
Kebo haihusiki, na macho yako mazima. Huo ni ugonjwa wa VA. Pikseli nyeusi kwenye VA imelala kabisa, na ukiitaka iwe kijivu cha giza inapewa umeme kidogo sana, kwa hiyo inainuka kwa uvivu. Ukiitaka iwe nyeupe inapata umeme mwingi na inaruka. Ndiyo maana mchana hukuona kitu.

Piga hesabu yako mwenyewe. Kwa Hz 165, picha mpya inakuja kila baada ya milisekunde 6 hivi. Pikseli ya giza ikichukua 30 kuinuka, koti limeshasogea picha tano na ukuta nyuma yake bado mweusi. Huo ndio mkia wako. Sasa angalia pembeni ya hiyo 1 ms, kuna maandishi gani madogo?

Kipanga_Mbishi:
MPRT. Madogo kama sisimizi.

Fundi_Koleo:
Basi. Hiyo namba inapatikana kwa kuwasha na kuzima taa ya nyuma ili jicho lisione ukungu. Haisemi pikseli inageuka kwa kasi gani.

Dogo_wa_Tandale:
Si nilisema VA ni takataka? Chukua ya kioo cha IPS, haina mkia hata chembe.

Fundi_Koleo:
Hukusema, ulisema kebo. Na IPS mkia inao, ila mfupi na unafanana kwenye rangi zote, hauchagui giza. Halafu weusi wake unakuwa kijivu usiku, na kona zinang'aa. VA si zote mbaya hivi pia, kuna mpya zimepona sana.

Kipanga, ingia kwenye menyu ya monita, Overdrive iweke katikati. Usiipandishe mwisho.

Kipanga_Mbishi:
Nimeshaipandisha mwisho 😐 Sasa mtu wangu ana mwanga mweupe nyuma kama malaika.

Fundi_Koleo:
Umeisukuma pikseli ikapitiliza. Rudisha katikati, halafu pandisha Black Equalizer kidogo. Nyeusi haitalala kabisa, itaamka haraka.

Kipanga_Mbishi:
Masizi yamepungua nusu. Lakini handaki limekuwa kama limepakwa majivu! Weusi ndio ulionifanya ninunue VA!

Fundi_Koleo:
Ndiyo bei yake hiyo.

mama_wawili:
Samahani jamani, simu yangu nikisoma usiku, maandishi meupe kwenye giza, nikivuta yanaacha rangi ya zambarau. Ni VA?

Fundi_Koleo:
Hapana dada, hiyo itakuwa kioo cha OLED. Yenyewe ina kasi kuliko zote hapa, ila pikseli iliyozimwa kabisa inachelewa kuwaka, hasa mwanga ukiwa chini. Ongeza mwanga kidogo uone.

Babu_Kisimbuzi:
TV yangu nembo ya chaneli haitoki hata nikizima. Kivuli hichohicho?

Nyanya_Chungu:
Babu, wewe unaangalia taarifa ya habari masaa 14, nembo imeshahamia, idai kodi.

Dogo_wa_Tandale:
Ving'amuzi ndio wezi wakubwa. Juzi nimelipia kifurushi, mechi ikakatika dakika ya 88.

Babu_Kisimbuzi:
Ya 88 una nafuu. Mimi sikuona hata kikosi.

Kipanga_Mbishi:
Wakuu, turudi kwenye mada. Alitema ganda KWANZA, ndipo akasema.

Nyanya_Chungu:
Karanga za kukaanga au za kuchemsha?

mama_wawili:
Za kuchemsha ndizo zina ganda.

Babu_Kisimbuzi:
Hata za kukaanga zinauzwa na maganda, dada. Umekulia wapi?