Msaada: kuzidisha mshazari kunanipa jibu la uongo

MamaZawadi: Wadau, nimekwama. Namfundisha binti kulinganisha 1 5/8 na 1 7/11. Nikizidisha mshazari, 1 5/8 inatoka kubwa. Karatasi ya majibu inakataa. Njia hii ina kasoro?

Mzee_Kobe: Angalia asili tu. Vipande vya kumi na moja ni vidogo kuliko vya nane, kwa hiyo 1 5/8 ndiyo kubwa. Karatasi imekosea.

Chaki_Nyeupe: Hiyo inafaa kiasi kikiwa sawa, mzee. Hapa vipande vidogo viko saba, vikubwa vitano. Dada, tuonyeshe ulivyoandika.

MamaZawadi: Kugeuza sina shida. 1×8+5 ni 13, kwa hiyo 13/8. Ya pili 18/11. Halafu nikapata 144 na 143.

Chaki_Nyeupe: Ipi uliiandika chini ya 13/8?

Baba_Pacha: Wangu waligeuza 2 3/4 wakapata 10/4, eti 2×3+4. Tulikesha! Mwache mtoto ahangaike mwenyewe, mnawadekeza.

MamaZawadi: 144. Nilianza na 8 ya kushoto nikapanda kwa 18, nikaandika kushoto. Si nilianzia huko? Na binti nimeshamwambia tunaachana na njia hii, tutatumia desimali.

Chaki_Nyeupe: Basi ni hapo. Jibu la kuzidisha linakaa upande wa kiasi. Unachofanya kwa siri ni kuzipa zote asili ya 88: 13/8 inazidishwa kwa 11 juu na chini, inakuwa 143/88. 18/11 inazidishwa kwa 8, inakuwa 144/88. Kwa hiyo 144 ni ya kulia, na 1 7/11 ndiyo kubwa.

Jicho_Kali: Tofauti ya moja kamili? Huu uzi umetungwa. Hakuna karatasi inayopanga namba hivyo.

MamaZawadi: Kaka, nitunge ili nipate nini? Ni swali la tano, liko mbele yangu.

Chaki_Nyeupe: Limetungwa au la, hesabu ni ileile. Na anayetaka kumpima mtoto huchagua sehemu zinazokaribiana, maana hapo kukisia hakumwokoi. Tena hapa kugeuza hakukuwa na lazima: moja zote zinafanana, linganisha 5/8 na 7/11 tu. 55 na 56, tofauti ileile.

Mzee_Kobe: Na moja zikiwa tofauti?

Chaki_Nyeupe: Yenye namba nzima kubwa inashinda hapohapo, mradi visehemu vyao havifiki moja.

MamaZawadi: Nimeelewa, ila desimali naona zina usalama zaidi. Tunakata tarakimu moja baada ya nukta.

Chaki_Nyeupe: 1.625 na 1.636… Ukikata hapo zote zinakuwa 1.6, utamwambia binti zinalingana.

MamaZawadi: Tutakata tatu.

Jicho_Kali: Mimi bado nataka picha ya hiyo karatasi.