Yule mtu wa ripoti kaniandikia +0.0% mbele ya bosi

Kifutio: Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Mnamjua huyu mtu, kila ofisi inaye. Anafunga faili la Excel kwa nywila halafu anatokomea kwenda kula.

Tawi letu la Mbagala Agosti lilikuwa halijafunguliwa, mauzo sifuri. Septemba tumeuza 840,000. Katoni nimebeba mwenyewe, mgongo sasa hivi unasomeka kama barabara ya Kilwa. Projekta inawashwa. Kariakoo wametoka 1,250,000 kwenda 1,400,000, imeandikwa +12.0%, makofi. Mstari wangu: +0.0%. JUMLISHA SIFURI! Angeacha hata sifuri tupu basi, lakini kaipachika na alama ya kujumlisha, kama ananizomea.

Bosi akavua miwani: "Mbagala mlikuwa mmelala?" Mpaka mama wa chai kanionea huruma. Namuuliza jamaa, ananijibu "mfumo ndio umesema". Mfumo! +0.0%!

Shangazi wa Hesabu: Pole. Fungua hiyo seli utubandikie fomula.

Kifutio: Faili kafunga lakini fomula inaonekana, B5 ni Agosti, C5 ni Septemba:

```
=TEXT(IFERROR((C5-B5)/B5,0),"+0.0%;-0.0%")
```

Shangazi wa Hesabu: Mchawi ni IFERROR. Kugawanya kwa Agosti ya sifuri kungeleta #DIV/0!, naye kaona aibu, akaamuru kosa lolote liwe 0. Na alama yako ya kujumlisha imetoka kwenye mpangilio wenye sehemu mbili tu: ukiandika mbili, sifuri inafuata ile ya kwanza, ya namba chanya. Ubaya zaidi, mtu akiandika "bado" kwenye seli ya Agosti, kosa lake nalo litafichwa, na tawi hilo litasoma +0.0% vilevile. Ulizia sifuri waziwazi:

```
=IF(B5=0,IF(C5=0,"-","mpya"),
TEXT((C5-B5)/B5,"+0.0%;-0.0%;0.0%"))
```

Mbagala itasoma "mpya". Ila seli tupu nayo Excel huihesabu sifuri hapo, kwa hiyo tawi lililochelewa kuleta hesabu nalo litaitwa jipya. Hilo mlichunge.

Dogo Janja wa Tandika: Mnazunguka bure. Kutoka sifuri kwenda chochote ni +100%. Mwisho.

Shangazi wa Hesabu: Mwanangu, +100% maana yake imekuwa mara mbili. Sifuri mara mbili ni ngapi?

Dogo Janja wa Tandika: Basi weka Agosti 1 badala ya 0.

Mpenda Shari: Tayari nimeweka. Mbagala imepanda +83999900.0%. Kifutio, kadai gari la kampuni 😂

Kifutio: Cheka tu. Wewe hukuona alivyovua miwani. Taratibu. Huku +0.0% inawaka ukutani.

Mama Ntilie Daftari: Yenu nafuu. Mimi Agosti nilipata hasara ya 200,000, Septemba faida ya 100,000. Ripoti ikaniandikia -150.0%. Nimetoka shimoni naambiwa nimezama!

Shangazi wa Hesabu: Kigawanyo hasi kinageuza alama. Wengine hugawanya kwa ABS(B5), hapo utapata +150.0%.

Mkaguzi Mstaafu: Dada, heshima yako, lakini hiyo +150.0% nayo ni asilimia ya nini? Mimi ningeandika "kutoka hasara" nikanyamaza.

Shangazi wa Hesabu: Shikamoo mzee. Mabosi wanataka alama na namba, maneno hawayasomi.

Mkaguzi Mstaafu: Marahaba. Wafundishwe kusoma.

Kaka wa Lubumbashi: Fomula imekataa kabisa kwangu. Excel ya Kifaransa.

Shangazi wa Hesabu: Andika SI badala ya IF, TEXTE badala ya TEXT, na nukta mkato badala ya koma. Desimali ndani ya alama za nukuu nazo ziwe na koma: 0,0%.

Mpenda Shari: Kwetu tuliweka rangi: zaidi ya 0 kijani, chini ya 0 nyekundu. Matawi yote kijani, mpaka la -40.0%! Tulikunywa soda kushangilia.

Shangazi wa Hesabu: Kwa sababu TEXT inatoa maandishi, na Excel huyahesabu maandishi kuwa makubwa kuliko namba yoyote. Rangi iwekeni kwa kulinganisha C5 na B5 zenyewe.

Kifutio: Jamani, turudi kwenye +0.0% yangu. Nimdai msamaha kwa barua pepe au kikao kijacho?

Mama Ntilie Daftari: Wa kwetu anaunganisha seli za vichwa kwa Merge & Center, ukitaka kupanga matawi kwa mauzo Excel inagoma.

Dogo Janja wa Tandika: Huyo ndiye wa kufukuzwa kazi!

Mpenda Shari: Afadhali. Wa kwetu anatuma ripoti kwa picha ya simu, kaipiga kiubavu.